Stika zisizo na maneno: jinsi ya kujua kama uso unasomeka ukiwa mdogo

Wachoraji wanaoanza kutengeneza pakiti za stika za WhatsApp hapa Nairobi huniletea maswali yaleyale. Mbona stika yangu inapendeza kwenye kompyuta lakini watu hawaitumi? Mbona nimechora huruma na rafiki yangu akaniuliza huyu mama ana usingizi wa nini? Je, niandike "pole" hapo chini ili ieleweke?

Nianze na hilo la mwisho: usiandike. Herufi yenye kimo cha pikseli 40 kwenye mchoro wako inabaki na pikseli 5 tu mchoro ukipunguzwa mara nane, na hapo hakuna anayeisoma. Isitoshe, kikundi kimoja cha familia jijini kinaweza kuwa na shangazi anayeandika Kikamba, mjomba wa Kiswahili sanifu na vijana wa Sheng. Uso uliochorwa vizuri unawatosha wote. Kwa hiyo kazi iliyopo ni kuhakikisha uso wenyewe unasema, tena ukiwa mdogo kuliko unavyouona wakati unachora.

Mwongozo huu haufundishi kuchora. Unafundisha kupima. Mfano wetu utakuwa pakiti ya stika 12 zenye mhusika mmoja, mama mboga aliyejifunga kilemba, na tutaifuata kwa karibu stika moja iliyo ngumu kuliko zote, ile ya kusema pole.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Programu yoyote ya kuchora yenye matabaka na mandharinyuma ya uwazi. Krita na Inkscape ni za bure na zinatosha. Kwenye simu, ibisPaint inafaa.
- ImageMagick kwenye kompyuta, ya kupunguza picha nyingi kwa pamoja. Kama huna, punguza moja moja ndani ya programu yako ya kuchora.
- Simu ya kawaida, ikiwezekana ile ya bei nafuu yenye kioo kilichokwaruzika kidogo. Wengi wa watakaopokea stika zako wanatumia simu kama hiyo.
- Karatasi na kalamu.
- Watu kumi ambao hawajaona ukichora. Mtu aliyekaa kando yako ukichora tayari anajua jibu, kwa hiyo hafai.

Hatua ya 1: Andika sentensi, usiandike hisia

Kabla ya kugusa kalamu ya kuchorea, andika mambo 12 ambayo mtumaji anataka kumwambia mwenzake. Usiandike "huzuni". Andika "pole sana, niko nawe". Usiandike "hasira". Andika "umenikasirisha, nijibu". Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndiyo itakayokuongoza baadaye. Huzuni ni ya mtu mwenyewe, anaweza kuangalia chini na kulia peke yake. Pole inaelekezwa kwa mwingine, kwa hiyo macho lazima yamtazame anayepokea. Ukianza na jina la hisia utachora mtu mwenye huzuni, kisha utashangaa kwa nini hakuna anayemtuma kwa rafiki aliyefiwa.

Ukimaliza orodha, chora mstari kuunganisha zile unazohisi zitachanganywa. Mara nyingi ni hizi: pole na usingizi, kucheka hadi machozi na kulia, mshangao na hofu, hasira na kufikiri. Jozi hizo ndizo zitakazokula muda wako. Stika ya furaha ya kawaida haitakusumbua, kwa kuwa tabasamu husomeka kwa mbali kuliko karibu kila kitu kingine usoni.

Hatua ya 2: Ujaze uso ndani ya turubai

Turubai ya stika ya WhatsApp ni pikseli 512 kwa 512, na wanapendekeza uache nafasi ya pikseli 16 kila upande. Unabaki na 480. Anayeanza huchora mtu mzima kuanzia kilemba hadi viatu, pamoja na kikapu cha sukuma wiki. Hesabu kinachotokea. Kwenye mchoro kama huo kichwa kina upana wa pikseli 120 hivi. Ukiupunguza hadi 96, kichwa kinabaki na pikseli 22, na kila jicho linapata kama pikseli 4. Hakuna hisia inayokaa kwenye pikseli 4.

Chora kichwa na mabega tu, na ikibidi mikono. Kichwa pamoja na kilemba kichukue angalau pikseli 320 za upana. Kikapu cha mboga kinaweza kutokea kwenye stika moja au mbili ambapo chenyewe ndicho habari. Kwingine kilemba kinatosha kumtambulisha mama yetu, hasa ukikipa rangi moja nzito isiyobadilika katika pakiti nzima.

Hatua ya 3: Nenepesha mistari ya uso

Kanuni ninayotumia ni rahisi. Mstari wowote unaobeba hisia, yaani nyusi, ukingo wa juu wa jicho na mdomo, usiwe mwembamba kuliko pikseli 16 kwenye turubai ya 512. Ukipunguza hadi 64 utabaki na pikseli 2, na pikseli 2 zinaonekana. Mstari wa pikseli 5 unakuwa chini ya pikseli moja, kompyuta inauchanganya na rangi ya ngozi, na unachopata ni kivuli hafifu.

Mistari isiyobeba hisia, kama mikunjo ya kilemba au hereni, iache iwe myembamba. Ikipotea, haijaharibu kitu.

Hatua ya 4: Nyusi nyeusi kwenye ngozi nyeusi

Hapa ndipo pakiti nyingi za wachoraji wetu zinapoharibika, na miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya wahusika wa rangi ya manjano haisemi lolote kuhusu jambo hili. Ukichora mhusika mwenye ngozi ya kahawia nzito, nyusi zake nyeusi hazitofautiani sana na paji la uso. Kwenye ukubwa kamili unaziona kwa sababu unajua ziko wapi. Ukipunguza, zinayeyuka ndani ya ngozi, na nyusi ndizo zinazotenganisha huruma na usingizi, hasira na utulivu, hofu na mshangao.

Suluhisho la kwanza wanalokimbilia wengi ni kumpausha mhusika. Usifanye hivyo. Ngozi ibaki kama ilivyo, halafu fanya mambo mawili.

La kwanza, acha weupe wa jicho ufanye kazi ya nyusi. Teremsha nyusi mpaka iguse na kukata sehemu ya juu ya weupe wa jicho. Sasa umbo la weupe wenyewe linabadilika: katika hasira, weupe unakatwa kwa mshazari unaoshuka kuelekea pua; katika huruma, unakatwa kwa mshazari unaopanda kuelekea pua. Weupe dhidi ya kahawia nzito ndiyo tofauti kubwa kuliko zote usoni, kubwa hata kuliko ile anayoipata mchoraji wa mhusika mwenye ngozi nyeupe. Itumie, ni mali yako.

La pili, weka mwanga kwenye paji la uso, bapa moja la kahawia iliyo nyepesi kidogo, mahali nyusi zitakapokaa. Uso wa mtu aliye chini ya jua la mchana sokoni Muthurwa hung'aa hapohapo, kwa hiyo hautaonekana kuwa kitu cha kubandikwa. Nyusi zikiegemea bapa hilo zinaonekana.

Ili ujue kama umefanikiwa, geuza picha ndogo kuwa ya kijivu:

```
magick pole.png -resize 64x64 -colorspace Gray pole-kijivu.png
```

Kama nyusi hazionekani kwenye kijivu, hazionekani. Rangi hukudanganya, kijivu hakikudanganyi.

Hatua ya 5: Punguza, kisha uache ikiwa ndogo

Sasa tengeneza nakala ndogo za stika zote. Kwa kila moja:

```
magick pole.png -resize 96x96 pole-96.png
magick pole.png -resize 64x64 pole-64.png
```

Kisha zipange zote kwenye karatasi mbili, moja yenye mandharinyuma ya giza na nyingine ya mwanga, kwa sababu watu hutumia WhatsApp kwa sura zote mbili:

```
magick montage *-96.png -tile 4x -geometry +12+12 -background "#0B141A" giza.png
magick montage *-96.png -tile 4x -geometry +12+12 -background "#EFEAE2" mwanga.png
```

Zifungue kwa ukubwa wake halisi, yaani asilimia 100. Kosa la kila mara ni kuivuta picha iwe kubwa "kuangalia vizuri kidogo". Ukiivuta umeshaharibu kipimo.

Uelewe pia kipimo hiki kinapima nini. Simu ina pikseli nyingi zilizobanana, kwa hiyo stika kwenye simu haitakuwa na ukungu kama ile nakala ya 64 kwenye kompyuta. Kinachoshindwa kwenye simu ni jicho la mtazamaji. Kwenye kioo chenye upana wa sentimita 6.5, stika nne zikipangwa kwa mstari mmoja, kila moja haifiki hata sentimita 1.7, na mtu anaitafuta kwa kidole gumba huku matatu ikiruka matuta. Nakala ya 64 ni kichujio kikali cha kukamata makosa makubwa mapema. Hukumu ya mwisho inatolewa kwenye simu.

Kwa hiyo zile zilizopita kichujio, zihamishe kwenye simu na uzitume kama stika kwenye mazungumzo yako mwenyewe. WhatsApp yenyewe inakuruhusu kutengeneza stika kutokana na picha. Shika simu kwa mkono ulionyooka, punguza mwangaza wa kioo hadi nusu, kisha toka nje. Wengi hupunguza mwangaza ili betri ifike jioni, na wengi husoma ujumbe wakiwa wamesimama juani. Stika inayosomeka sebuleni peke yake haijakamilika.

Hatua ya 6: Waulize watu, bila kuwapa jibu

Macho yako hayafai tena. Umeikodolea stika hii kwa muda mrefu na ubongo wako unajaza kilichopotea. Tafuta watu kumi wa umri mchanganyiko: kijana wa boda boda, mwenye kibanda, jirani, nyanya kama yupo karibu. Wazee ni wapimaji bora kwa sababu wengi hawaoni vitu vidogo vizuri, nao ndio watakaopokea stika ya pole mara nyingi.

Utaratibu ni huu. Mwonyeshe stika moja kwenye simu, kwa ukubwa wake wa kawaida, kama sekunde mbili. Rudisha simu. Kisha uliza: "Mama, ukitumiwa hii, mtu anataka kukuambia nini?" Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni marefu, kisha mpe inayofuata.

Usiulize "Huyu amekasirika, sivyo?" Mtu mwenye heshima atakubali ili asikuvunje moyo. Usimpe orodha ya kuchagua pia. Ukimpa orodha yenye "pole", "furaha" na "hasira", atabahatisha kwa kuondoa zisizofaa, na utapata majibu mazuri yasiyo ya kweli. Kwenye mazungumzo halisi hakuna anayepewa orodha.

Badilisha mpangilio kwa kila mtu. Stika ya pole ikitanguliwa na ya kicheko, kila mtu ataona kuwa ni ya huzuni, kwa kulinganisha tu. Inayoonyeshwa kwanza ndiyo inayopimwa kwa haki zaidi, kwa hiyo zile ngumu zipate zamu ya kwanza mara nyingi. Na mtu akiuliza "ni sawa?" mjibu kwamba hakuna sawa wala makosa, unachotaka ni alichokiona.

Hatua ya 7: Soma majibu: mfano wa pole

Tuichukue stika yetu. Toleo la kwanza lilikuwa hivi: mama amesimama wima, macho yamefumba nusu, nyusi zimepanda kidogo katikati, mdomo umeinama kidogo kwenye pembe. Kwenye 512 ni uso mpole wa kugusa moyo.

Tuseme watu kumi wamejibu hivi: sita wanasema amechoka au ana usingizi, wawili wanasema ana huzuni, mmoja anasema "ananidharau", mmoja hajui. Usikimbilie kuchora upya. Jiulize kila jibu limetoka kwenye umbo gani. "Usingizi" umetoka kwenye macho yaliyofumba nusu, kwa kuwa nyusi zilizokuwa zimebeba huruma zimepotea na kope nzito zimebaki peke yake. "Ananidharau" ni macho hayohayo, pamoja na kichwa kilichosimama wima. Wale wawili wa huzuni wameona mdomo. Hakuna hata mmoja aliyeona pole inayoelekezwa kwake, kwa sababu mama hamtazami mtu.

Marekebisho yafanywe kwa mpangilio, moja moja, ukipunguza picha baada ya kila moja.

Kwanza, fungua macho. Weupe uonekane, mboni iwe kubwa na imtazame mpokeaji moja kwa moja. Usingizi unaondoka papo hapo.

Pili, teremsha nyusi zikate weupe, upande wa pua ukiwa juu, kama tulivyosema kwenye hatua ya 4. Sasa weupe wa kila jicho una umbo la paa la upande mmoja, na umbo hilo linaonekana hata kwenye 64.

Tatu, inamisha kichwa upande kwa nyuzi kama 15. Kilemba kinainama nacho, na kwa kuwa kilemba ndicho kitu kikubwa kuliko vyote kwenye picha, mtazamaji anauona mwinamo huo kabla hajafika usoni. Hili ndilo badiliko lenye nguvu kuliko yote matatu, na ndilo watu wanalolisahau kwa sababu wamejifungia kwenye macho na mdomo.

Ukiwapelekea watu wengine kumi toleo hili, tuseme saba wanasema "pole" au "ananihurumia", wawili wanasema "naomba msamaha", mmoja anasema "ana huzuni". Ni watu wengine, si walewale. Wa kwanza wameshaizoea na hawapimi tena.

Saba ni karibu. Mimi huweka mpaka kwenye wanane kati ya kumi, na huo ni mpaka wa kazi tu, kwa kuwa watu kumi wanatosha kufichua kosa kubwa lakini hawatoshi kutenganisha saba na wanane kwa uhakika. Ndiyo maana muhimu zaidi ni kuangalia makosa yaliyobaki ni ya aina gani. Pole na msamaha zinafanana usoni, na sidhani kama kuna mchoro unaozitenganisha kabisa bila maneno. Lakini mazungumzo yenyewe yatazitenganisha: aliyekwambia mtoto wake amelazwa hatadhani unamwomba msamaha. Hilo ni kosa lisiloumiza. Kosa la usingizi lilikuwa linaumiza. Kwa hiyo toleo hili nalipitisha.

Unaweza kujaribu kuongeza mkono kifuani. Unasaidia, mradi mkono usiguse kidevu. Mkono wenye rangi ileile ya uso ukiegemea uso, kwenye ukubwa mdogo vyote viwili vinaungana kuwa donge moja. Acha pengo linalopitisha rangi ya nguo kati yake na kidevu, au uzungushie mkono ukingo mzito. Tahadhari hiyohiyo inahusu kushika tama, ambayo ni ishara nzuri sana ya wasiwasi na wazee wanaielewa mara moja. Ichore mkono ukiwa pembeni ya shavu na kiwiko kikionekana, si kiganja kilichofunika nusu ya uso.

Hatua ya 8: Pima jozi zinazochanganywa

Rudi kwenye ile mistari uliyochora hatua ya 1 na uweke kila jozi bega kwa bega ikiwa kwenye pikseli 64.

Jozi ninayoihofia zaidi ni kicheko cha machozi na kilio. Vyote viwili vina mdomo wazi, macho yaliyobanwa na matone ya buluu. Mtu akikosea na kutuma kicheko kwenye kikundi cha michango ya matanga, hakuna maelezo yatakayomwokoa haraka. Kwa hiyo zitenganishe kwa vitu vitatu kwa pamoja, usitegemee kimoja. Mdomo wa kicheko uwe nusu duara yenye mstari ulionyooka juu, meno ya juu yakiwa bapa moja jeupe; mdomo wa kilio uwe umepinda kinyume, bila meno. Machozi ya kicheko yaruke nje kando ya macho; ya kilio yatiririke shavuni kwenda chini. Kichwa cha anayecheka kiegemee nyuma. Cha anayelia kiiname mbele. Tone la buluu likipotea, na litapotea, mengine mawili bado yanasema.

Mshangao na hofu ni rahisi kidogo. Mpe mwenye mshangao mdomo mrefu wa mviringo na nyusi zilizopaa mbali na macho. Mwenye hofu mpe mdomo mpana wa kulala wenye meno yaliyofungwa, na umpandishe mabega hadi masikioni. Mabega ndiyo yanayofanya kazi hapo.

Hatua ya 9: Malizia faili

Weka ukingo mweupe wa pikseli 8 kuzunguka mhusika mzima, ndio unaokiokoa kilemba cheusi kisimezwe na mandharinyuma ya giza. Kisha badilisha kuwa WebP, aina ya faili ambayo stika za WhatsApp hutumia, kwa cwebp, programu ya bure unayoiweka kando na ImageMagick:

```
cwebp -q 80 pole.png -o pole.webp
```

Stika isiyosogea isizidi kilobaiti 100. Pakiti iwe na stika 3 hadi 30. Ikoni ya pakiti ni PNG ya pikseli 96 kwa 96, chini ya kilobaiti 50, na usitumie stika nzima kama ikoni. Chora uso peke yake, wa kutabasamu, umejaza ukingo hadi ukingo. Kama pakiti hiyo utaipeleka Telegram pia, upande mmoja lazima uwe 512 kamili na mwingine usizidi hapo, kwa hiyo faili zako zinafaa.

Ukikwama

*Hasira inasomeka kama mtu anayefikiri, au anayekinga macho na jua.* Nyusi zimeshuka lakini mdomo umebaki mstari mfupi ulionyooka. Panua mdomo, onyesha meno yaliyobanwa, au weka mikono kiunoni ikiwa na mapengo ya wazi kati ya viwiko na mwili. Mikono kiunoni inasomeka hata uso ukifutika kabisa.

*Kukonyeza kunasomeka kama jicho bovu.* Jicho lililofumba ni mstari mwembamba, nao umepotea. Unenepeshe hadi pikseli 20, uupinde kuelekea juu, na upandishe pembe ya mdomo ya upande huohuo. Mdomo usiwe sawa pande zote mbili.

*Aibu haionekani kwa sababu wekundu wa mashavu haushiki kwenye ngozi ya kahawia.* Achana na wekundu. Mfunike macho kwa viganja huku jicho moja likichungulia kati ya vidole, na umgeuzie kichwa pembeni. Vidole viwe vinene na vichache, vitatu vinatosha.

*Watu wanatoa majibu tofauti kabisa, kila mtu lake.* Hapo tatizo si nyusi wala mdomo. Umechanganya hisia mbili kwenye uso mmoja, kwa mfano macho ya huruma na tabasamu la faraja. Kwenye ukubwa kamili mchanganyiko huo ni mzuri. Kwenye ukubwa mdogo kila mtu anashika kipande kimoja. Chagua kimoja, au zigawe ziwe stika mbili.

*Inasomeka kwenye mwanga lakini si kwenye giza.* Angalia nywele na kilemba kwanza, kisha kama ukingo mweupe umekatika mahali. Mara nyingi umekatika chini ya kidevu au kati ya mkono na bega.

*Umerekebisha mara nyingi na bado haifiki wanane.* Rudi kwenye sentensi ya hatua ya 1. Zipo sentensi ambazo uso hauwezi kuzibeba, kama "nitakutumia kesho" au "nimekwama Mombasa Road". Itoe kwenye pakiti. Stika 11 zinazosomeka ni bora kuliko 12 ambazo moja yake watu wanaogopa kuituma kwa kutojua itapokewaje.

*Faili inazidi kilobaiti 100.* Shusha `-q` hadi 60. Kama bado, tafuta vivuli laini na mipito ya rangi kwenye nguo na uvigeuze kuwa bapa za rangi moja. Faili itapungua, na uso utasomeka vizuri zaidi.